Jinsi ya kufundishana kemia kwenye diskasheni ili anayefundisha naye aelewe

Ukipita madarasani wakati wa prepo utakuta makundi mengi ya diskasheni yanafanana: kuna mmoja anayejulikana kuwa mkali wa kemia, yuko ubaoni anakokotoa, na wengine wananakili. Anayenufaika zaidi hapo ni huyohuyo aliyeshika chaki, ambaye pengine ndiye aliyekuwa na shida ndogo kuliko wote. Mimi nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, na utaratibu ninaowapa wanafunzi wangu unaigeuza hali hiyo: chaki inazunguka, na anayepewa mada ni yule ambaye bado haijamkaa vizuri. Nitatumia hesabu za moli kama mfano, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukariri njia bila kujua inatoka wapi.

Hatua ya 1: Gawaneni maswali, msigawane sura za kitabu

Kundi la watu wanne linatosha. Wakizidi sita, kuna watakaokaa nyuma wakisubiri kunakili. Kila mmoja apewe swali moja dogo analoweza kulimaliza kwa dakika kumi. "Utafundisha moli" ni mzigo usiobebeka. "Utatuonyesha gramu 10 za kalsiamu kaboneti zikichanganywa na asidi ya haidrokloriki zinatoa gramu ngapi za kaboni dayoksaidi" ni kazi ya mtu mmoja. Gawaneni siku mbili au tatu kabla, isiwe jioni ileile.

Hatua ya 2: Jiandae kwa kufunga daftari

Hapa ndipo sehemu kubwa ya kujifunza inapofanyika, na ndipo wengi wanapoparuka. Soma mada mara moja kwa utulivu, kisha funga kitabu na daftari. Chukua karatasi tupu uandike maelezo yote kama utakavyoyasema mbele ya wenzako. Utakwama. Ukikwama usifungue kitabu hapohapo. Acha nafasi, weka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, endelea. Ukifika mwisho ndipo ufungue na kushughulikia zile alama nyekundu peke yake. Kesho yake rudia kwenye karatasi nyingine.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba kusimama mbele za watu peke yake hakutoshi. Mwaka 2018 watafiti wa Singapuri, Koh na wenzake, waliwalinganisha wanafunzi waliofundisha bila maandishi na wale waliofundisha huku wakisoma maelezo yaliyoandaliwa. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliofundisha bila maandishi walifanya vizuri zaidi. Faida yao ilitokana na kulichota somo kutoka kichwani, na anayesoma daftari lake kwa sauti hachoti kitu.

Hatua ya 3: Fundisha kwa Kiswahili, ubaoni, mikono mitupu

Ruhusu karatasi moja ndogo yenye swali na uzito wa atomi, basi. Wenzako wakuite "ticha" kwa utani kama wanavyopenda, ila dakika kumi hizo ni zako.

Kuhusu Kiswahili nina msimamo. Madaftari yetu ya sekondari yameandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kutiririka sentensi nzima aliyoikariri bila kujua anasema nini. Akiambiwa aieleze kwa lugha anayoiongea bwenini, hana pa kujificha. Majina ya vitu yabaki kama yalivyo kwenye silabasi. Maelezo ya kwa nini ndiyo yawe ya Kiswahili.

Hatua ya 4: Wasikilizaji wana kazi mbili tu

"Tumeelewana?" ni swali lisilo na faida, jibu lake siku zote ni "ndiyooo" ya pamoja. Badala yake kila msikilizaji aje na maswali ya aina mbili: *kwa nini* na *ingekuwaje kama*. Tuone yanavyofanya kazi. Ticha ameandika ubaoni:

```
CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2
10 ÷ 100 = 0.1
0.1 × 44 = 4.4 g
```

Jibu ni sahihi, na mtihani ungempa alama zote. Msikilizaji wa kwanza anauliza: "Hiyo 0.1 ilikuwa ya kaboneti. Kwa nini umeihamishia kwenye kaboni dayoksaidi?" Aliyekariri atasema ndivyo inavyofanywa. Aliyeelewa ataonyesha mlingano: moli moja ya kaboneti inatoa moli moja ya gesi, kwa hiyo 0.1 inatoa 0.1.

Wa pili anauliza: "Ingekuwaje kama asidi iliyopo ni moli 0.1 tu?"

Hapa wengi huanguka. Wanaona 0.1 na 0.1, wanasema zinatoshana, jibu linabaki 4.4. Lakini mlingano unadai moli mbili za asidi kwa kila moli moja ya kaboneti. Kaboneti yote ingehitaji asidi moli 0.2, nayo haipo. Asidi itaisha kwanza, itakula kaboneti moli 0.05, itoke gesi moli 0.05, yaani gramu 2.2. Gramu 5 za kaboneti zitabaki chini ya chombo bila kuguswa. Swali moja la namna hiyo linamfunulia ticha kwamba ile 2 mbele ya HCl alikuwa anaiandika bila kuitumia.

Hatua ya 5: Ticha akikwama, msimwokoe haraka

Mpeni dakika nzima ya kimya. Ikishindikana, swali liandikwe pembeni mwa ubao na liwe lake: alitafutie jibu kitabuni au kwa mwalimu, alirudishe kikao kinachofuata. Msikubali jibu kwa sababu limesemwa kwa kujiamini. Hatari kubwa ya kufundishana ni kosa linalotoka kinywa kimoja na kuingia madaftari manne, kwa hiyo kila jibu la mwisho lihakikiwe kwenye kitabu kabla ya kufuta ubao.

Hatua ya 6: Dakika kumi za mwisho, kila mtu na karatasi yake

Futeni ubao. Ticha atoe swali jipya lenye namba tofauti, na wote, pamoja na yeye, wajibu kwa maandishi kwa Kiingereza cha mtihani bila kuchunguliana. Karatasi hizo ndizo zinazosema kama kikao kilifaa. Ticha akipata na wengine wakikosa, ujue alikuwa anajisemea. Wote wakikosa mahali pamoja, hamna mwenye mada hiyo. Ipelekeni kwa mwalimu. Kikao kinachofuata swali lilelile lifundishwe na mmoja wa waliokuwa wanasikiliza.

Si kila kitu kinastahili taratibu hii yote. Alama za elementi na valensi ni za kukumbuka tu. Andikeni kadi, muulizane njiani kuelekea bwaloni. Na mada ambayo mwalimu hajaianza darasani iacheni kwanza. Mkijitungia wenyewe maelezo ya elektrolisisi kabla ya kufundishwa, mtatumia vipindi viwili baadaye kuyafuta.