Somo: Kufupisha simu ya minervali iliyorekodiwa (deni, mpango, tarehe)

Karatasi ya kwanza niliyomwandikia prefe wetu hapa Bukavu ilikuwa na kosa la dola 10. Simu yenyewe ilikuwa ya dakika sita tu, kati ya karani na mama mmoja mwenye watoto wawili shuleni. Niliisikiliza mara moja, nikaandika, nikapeleka. Nitatumia simu hiyohiyo, ya Jumanne tarehe 13 Januari 2026.

Hatua ya kwanza: sikiliza bila kalamu. Mara ya pili ndipo uandike, na uandike tu sentensi zenye pesa au siku, kwa maneno yaleyale waliyosema, na dakika pembeni. Salamu, pole za msiba na malalamiko ya mvua viache.

Hatua ya pili: deni. Karani alisema, "Tunakudai 210: mkubwa 120, mdogo 90." Mama akajibu kwamba alishatuma 40 kwa M-Pesa kabla ya Noeli. Karani hakuiona kwenye daftari, akamwambia alete ujumbe wa simu. Hapo wengi huandika 210 au 170, na zote mbili ni kosa. Daftari linasema 210, mama anakubali 170, na 40 inabishaniwa. Wewe si hakimu wa zile 40. Ziandike peke yake, pamoja na nani anatakiwa kuleta nini.

Hatua ya tatu: mpango. Hapa ndipo nilipoanguka. Mama alitaja transhi tatu, na ya kwanza niliisikia "swasanti", nikaandika 60. Zilizofuata zilikuwa 50 na 50. Ukijumlisha unapata 160, lakini karani alikuwa amesema wazi, "Sawa, hiyo inamaliza 170." Prefe ndiye aliyeona. Niliporudi dakika ya nne nikasikia honi ya pikipiki imefunika mwanzo wa neno. Kumbe ni septanti, 70. Tangu siku ile sifungi karatasi kabla ya kujumlisha.

Angalia pia nani alipendekeza na nani alikubali. Mwanzoni karani aliomba 100 kwa mara moja, mama akasema "tutaona". Hiyo haiingii kwenye mpango.

Hatua ya nne: tarehe. Mama alisema ataleta 70 "siku ya tatu ya juma lijalo". Kwetu siku ya kwanza ni Jumatatu, kwa hiyo siku ya tatu ni Jumatano, tarehe 21. Aliyesomea Tanzania anaweza kuandika Jumatatu kwa kuisikia ile "tatu", na shule ikampigia mama kelele siku mbili mapema. Transhi ya pili ni "kenzi ya mwezi wa pili". Nikafungua kalenda: 15 Februari ni siku ya Mungu, ofisi imefungwa. Kweli, sekunde chache baadaye karani anamwambia alete kesho yake. Ya tatu ni "mwisho wa Machi, mshahara ukitoka". Usiigeuze kuwa 31 Machi. Iandike na sharti lake.

Karatasi ikawa hivi:

Deni: daftari 210 $, mama anakubali 170 $ (2:10). Bishano: 40 $ za M-Pesa, mama ataleta ujumbe.
Mpango: 70 + 50 + 50 = 170 $, karani amekubali (4:35).
Tarehe: 70 $ Jumatano 21/1, 50 $ Jumatatu 16/2, 50 $ mwisho wa Machi, mshahara ukitoka, siku haikutajwa.

Kisha mtumie mzazi mistari hiyo mitatu kwa SMS siku ileile.

Maswali ya wanachama

*Mama Neema:* Mwalimu, wazazi wetu wanalipa kwa franka. Nibadilishe kabisa?

Hapana, Mama. Andika pesa iliyotajwa kwenye simu. Kiwango cha leo si cha siku atakayolipa, na ukibadilisha wewe utakuwa umetengeneza deni jipya. Kama wamekubaliana kiwango kwenye simu, kiandike na dakika yake.

*Papa Bahati:* Mzazi akisema "nitajikaza mwezi huu", ni ahadi?

Haina kiasi wala siku, Papa. Mimi huiandika nje ya mpango: "amesema atajikaza, hakutaja kiasi". Karani akipiga tena ajue pa kuanzia.

*Furaha:* Na kama mzazi hakujua anarekodiwa?

Karani amwambie mwanzoni, kabla ya kutaja deni. Kwetu sauti inafutwa mzazi akishajibu SMS na bishano likiisha.

*Furaha tena:* Akijibu kwamba tarehe si hiyo?

Sikiliza tena dakika ile. Ukikosea wewe, sahihisha na umwombe radhi. Kama yeye ndiye amebadilisha, usifute ya kwanza: ongeza mstari chini yake, "18/2, kwa SMS ya 14/1, karani bado hajakubali", umpelekee karani.