Kabla hujaandika insha ya mwitikio wa msomaji

Swali huwa fupi: eleza jinsi tajriba yako inavyoathiri ufasiri wako wa matini. Nilipolipata mwaka wa pili chuoni, hapa Nairobi, nililichukua kama ruhusa ya kusimulia maisha yangu. Insha ilirudi na alama ya chini na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Matini iko wapi?" Haya ndiyo ninayotamani ningeyafanya kabla ya kushika kalamu.

Jua kwanza unamwegemea mtaalamu gani wa nadharia ya mwitikio wa msomaji, maana hawasemi jambo moja. Stanley Fish huweka uzito kwa jamii ya wasomaji iliyokufunza namna ya kusoma. Wolfgang Iser hutazama mapengo ambayo matini humwachia msomaji ayajaze. Kwa swali la tajriba ya mtu binafsi, Louise Rosenblatt ndiye anayefaa zaidi. Kuanzia kitabu chake cha 1938 alishikilia kwamba maana huzaliwa msomaji na matini wanapokutana, na kwamba hakuna kati yao anayeimiliki peke yake.

Pili, hakikisha umeelewa maneno. Sisi tulipewa Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ambamo mama mgonjwa anamwusia binti yake kuhusu dini, adabu na ndoa. Umetungwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Unapoambiwa umtunze mume kama kijana asiyejua kunena, msomaji wa Nairobi anaona barobaro, kumbe ni mtoto mdogo ambaye hajaanza kusema. Kukosea hapo si ufasiri tofauti, ni kutoelewa neno. Tafuta toleo lenye sherehe ya msamiati.

Kisha soma peke yako, kabla ya maelezo ya mhadhiri na kabla ya kusikia wenzako. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Kushoto nakili mshororo uliokugusa, kulia andika kilichokujia hapo hapo, hata kama ni hasira au kuchoshwa. Usisubiri jioni, kwa sababu ukishasikia mjadala wa darasani hutajua tena kipi kilikuwa chako.

Mimi ubeti ulionishika ni ule wa mume aliyelala: usimwamshe, usiseme kwa sauti, keti papo hapo usiinuke, asije akaamka akakutafuta. Kulia niliandika "Kayole", mtaa wetu wa utotoni. Baba alikuwa mlinzi wa usiku katika eneo la viwanda, akirudi asubuhi na kulala mchana katika chumba kile kimoja tulichoishi sote. Mama alitufundisha kuweka sufuria juu ya kitambaa ili isigonge sakafu. Kwangu, basi, ubeti ule haukuhusu unyenyekevu wa mke. Ulikuwa huruma kwa mtu aliyechoka.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo nilipoanguka. Rosenblatt anatoa vipimo viwili: ufasiri wako usipingwe na sehemu yoyote ya matini, na usidai jambo lisilo na msingi katika maneno yake. Nilipopima upya, niliona ubeti hautaji uchovu wala kazi. Sababu inayotolewa ni kwamba mume akiamka amkute mkewe. Uchovu niliuleta mimi kutoka Kayole. Hilo halikunilazimu kutupa kumbukumbu yangu, ila lilinilazimu kusema wazi ilinifungulia nini (ukimya kama namna ya kumjali mtu) na ilinificha nini (mke asiyeruhusiwa kuinuka). Ukikosa sentensi ya "ilinificha nini", bado hujawa tayari kuandika.

Tafuta pia msomaji mmoja asiyefanana nawe, umsomee ubeti bila kumweleza yako. Rafiki yangu aliyekuwa ameolewa karibuni aliganda kwenye neno "usiinuke". Akauliza binti anasema nini. Hasemi kitu, nami sikuwa nimegundua. Kimya cha binti ni pengo la aina anayoizungumzia Iser: mimi nilikijaza kwa utiifu, yeye kwa kukataa. Tofauti hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za masimulizi ya utotoni. Kumbukumbu yenyewe ipe sentensi nne au tano, zinatosha.

Mwisho, kama kumbukumbu inawahusu wengine, waombe ruhusa. Nilipoiandika insha upya nilimpigia baba simu, nikamweleza habari ya sufuria na kitambaa. Akanyamaza kidogo. Akasema mara nyingi hakuwa amelala. Alifumba macho tu, akitusikiliza tukinyata. Nikarudi kwenye daftari, nikafuta "baba alilala", nikaandika "tuliamini baba amelala", kisha nikausoma ubeti tena kuanzia mwanzo.