Jinsi ya kuandika barua ya kuomba vifaa vya nyongeza baada ya ramani kubadilishwa

Mteja amesogeza ukuta mita moja, nawe unamwambia zege la msingi linalohitajika ni la mita sita. Hapo ndipo ugomvi mwingi kati ya mkandarasi mdogo na mteja unapoanzia. Yeye anafikiri mita moja ni mita moja. Wewe unajua hesabu, ila hujamwonyesha. Barua nzuri ya nyongeza kazi yake ni kumwonyesha njia kutoka kwenye badiliko hadi kwenye mfuko wa saruji, kiasi kwamba akitaka anaweza kuchukua futi kamba na kuhakiki mwenyewe.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Chumba cha pembeni mwa nyumba, kwenye ramani iliyoidhinishwa, kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Zege la msingi limeshamwagwa pande zote, tofali bado hazijapangwa. Mteja anafika saiti na kusema chumba kiwe na upana wa mita 4, yaani ukuta wa nje wenye urefu wa mita 4 usogee nje mita moja.

Kwanza, simamisha sehemu hiyo na upate agizo kwa maandishi

Usichimbe kwa neno la mdomo. Mwandikie mteja ujumbe mfupi siku hiyohiyo: "Umeagiza ukuta wa nje wa chumba cha pembeni usogee mita moja. Naomba uthibitishe." Jibu lake lihifadhi, kwa sababu barua yako itaanza kwa kulitaja. Piga picha za zege lililokwisha kumwagwa, futi kamba ikiwa imelazwa juu yake ili vipimo visomeke.

Badiliko hili linapanua nyumba kwa nje, kwa hiyo ramani lazima irudi kwa aliyeichora na kwa mamlaka iliyotoa kibali. Umbali kutoka mpaka wa kiwanja umepungua, na kenchi za paa zinaweza kuhitaji kupangwa upya. Barua ya vifaa haichukui nafasi ya kibali cha marekebisho. Iandike mapema ili mteja ajue gharama kabla hajaamua, lakini usianze kazi mpaka ramani mpya iwe mkononi.

Pili, piga hesabu ya tofauti peke yake

Hapa ndipo pa kutulia. Kila kipengele kiulize maswali matatu: ramani ya kwanza ilihitaji kiasi gani, kipi kimeshatumika na hakirudi, na ramani mpya inahitaji kiasi gani.

Anza na msingi. Ukuta wa mita 4 unahamia mahali papya pasipo na zege, na kuta mbili za ubavuni zinarefuka mita moja kila moja. Jumla ni mita 6 za msingi mpya. Mkanda wa zege ukiwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 20, unapata 6 × 0.6 × 0.2, yaani mita za ujazo 0.72. Zege la zamani la mita 4 linabaki chini ya sakafu, na vifaa vyake havirudi.

Tofali ni hesabu tofauti, na hapa mkandarasi mwaminifu anajulikana. Ukuta uliosogea haujarefuka, na tofali zake bado zipo saiti. Zinahama tu. Usizihesabu tena. Nyongeza ni zile mita 2 za ubavuni: ukuta wa msingi wenye kimo cha sentimita 60 ni mita za mraba 1.2, na ukuta wa juu wenye kimo cha mita 3 ni mita za mraba 6. Jumla ni 7.2. Kwa tofali la urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 22.5, weka tofali 10 kwa kila mita ya mraba, upate 72. Ukihesabu na udongo wa kati, zinazohitajika hasa ni tisa na kidogo, kwa hiyo hiyo 10 tayari imebeba zitakazovunjika. Ukiongeza asilimia nyingine juu yake, unamtoza mteja mara mbili.

Jamvi la sakafu linaongezeka mita 4 kwa 1. Kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 0.4. Zege lote basi ni 1.12. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, mita moja ya ujazo hula mifuko sita na nusu hivi ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo zege hilo lote litakula mifuko 7.3. Ongeza mfuko mmoja wa kujengea tofali, halafu panda hadi mifuko 9 kamili.

Kama uligundua pia kwamba makadirio yako ya mwanzo yalipungua mahali pengine, suala hilo usilichanganye humu. Mteja akikuta kitu kimoja kisichotokana na badiliko lake, atashuku barua nzima.

Tatu, andika

Ukurasa mmoja unatosha. Bei ziambatishe kwenye karatasi ya pili, kwa viwango vilevile vya mkataba wa awali.

> YAH: VIFAA VYA NYONGEZA KUTOKANA NA BADILIKO LA CHUMBA CHA PEMBENI
>
> Ndugu (jina la mteja),
>
> Rejea agizo lako la tarehe (…) la kusogeza ukuta wa nje mita 1. Agizo lilifika zege la msingi likiwa limeshamwagwa kwa mujibu wa ramani iliyoidhinishwa.
>
> Badiliko hili linahitaji msingi mpya wa mita 6: mita 4 za ukuta uliosogea na mita 2 za kuta za ubavuni. Zege la awali la mita 4 haliwezi kutumika tena. Tofali za ukuta uliosogea zitatumika zilezile, kwa hiyo sijaziombea nyongeza.
>
> Vinavyoongezeka ni saruji mifuko 9, tofali 72, mchanga mita za ujazo 0.7, kokoto mita ya ujazo 1, na mawe ya kujazia chini ya jamvi mita za ujazo 0.6.
>
> Hesabu hii haina paa, lipu wala rangi. Nitaleta makadirio ya paa baada ya kupata ramani iliyorekebishwa.
>
> Naomba jibu lako la maandishi kabla ya tarehe (…). Kazi ya chumba hiki imesimama. Sehemu nyingine zinaendelea.
>
> Wako katika kazi,
> (jina na saini)

Sentensi ya tofali zisizoongezwa usiifute hata kidogo. Mteja anapoona umemwokolea kitu bila kuulizwa, anasoma mistari mingine kwa moyo mweupe. Ile ya paa nayo inakukinga: ukikaa kimya sasa, ukileta mbao na mabati baadaye utaonekana unamvizia.

Nne, peleka na ufuatilie

Peleka nakala mbili, moja irudi na saini yake na tarehe. Pitia naye saiti, mchoree kwa chokaa mstari wa ukuta wa zamani na wa mpya, mhesabu pamoja zile mita 6. Akikubali nusu, kwa mfano akataka chumba kiongezeke nusu mita, usirekebishe barua kwa kalamu. Andika nyingine yenye tarehe mpya na ueleze kwamba inafuta ya kwanza. Hapo pia mwambie mapema kwamba gharama haitashuka kwa nusu, kwani mita 4 za msingi wa ukuta uliosogea zinabaki palepale, usogee nusu mita au moja.