Somo: Sekunde 30 za bwana shamba kijana mbele ya wafanyabiashara

Wakuu, wiki hii vijana wanne wameniuliza faraghani swali lilelile: "Nimealikwa hafla ya wafanyabiashara, kila mtu anapewa nusu dakika ajitambulishe, niseme nini?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

1. Jua umekaa na nani. Kwenye hafla za Dar hutakuta wakulima wengi wa kudumu. Utakuta mwenye duka la vipuri, mtu wa benki, dada wa forodha. Lakini wengi wao wana ekari kadhaa Kibaha, Mkuranga au Kilosa, na msimamizi anayepiga simu kila Jumamosi kuomba hela ya palizi. Huyo mkulima wa simu ndiye mteja wako. Usihutubie taifa, ongea naye.

2. Jina na kazi. "Bwana shamba" inatosha. "Mshauri elekezi wa agronomia" inakula sekunde tatu na hakuna anayeelewa.

3. Digrii iache nyumbani. Wataiuliza wakiihitaji.

4. Shamba moja, tarakimu mbili. Hapa ndipo nilipoaibika. Mwaka wangu wa kwanza nilishika kipaza sauti nikasema, "Naongeza mavuno mara tatu!" Mzee mmoja meza ya mbele akauliza taratibu: "Mara tatu ya ngapi, kijana? Gunia tano ziwe kumi na tano, au kumi na tano ziwe arobaini na tano? Na mbolea mifuko mingapi?" Sikuwa na jibu. Mshereheshaji akaninyang'anya kipaza sauti kwa upole, na kadi zangu nilirudi nazo zote. Baadaye ndipo nilipoelewa: nusu ya ukumbi ule walishaliwa na kilimo cha ekseli, tikiti linalozaa mamilioni kwenye karatasi na kuozea shambani. Ukisema "mara tatu", unawakumbusha aliyewaliza.

Kwa hiyo taja shamba moja ulilolikanyaga mwenyewe, lilikuwaje na likawaje. Taja ukubwa wake. Gharama usiitaje, ila iwe kichwani, maana ndiyo swali la kwanza ukishuka. Na mwenye shamba usimtaje jina. Hata eneo, muombe ruhusa kwanza.

5. Shika kitu mkononi. Mimi hubeba kamba ya mita 5.4. Mahindi yakipandwa mstari kwa mstari sentimita 75, urefu huo wa mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Hesabu mashina yaliyo kwenye kamba, zidisha kwa elfu, umepata mashina ya ekari nzima. Shimo kwa shimo sentimita 30, mbegu moja moja, unatakiwa uone 18, yaani mashina 18,000.

6. Malizia kwa ombi dogo. "Natafuta wateja" si ombi. Uliza kitu ambacho mtu anaweza kujibu akiwa ameshika soda.

7. Jipime kwa simu. Maneno yetu marefu. Mimi nikiongea bila kukimbia, sekunde 30 zinabeba maneno 60 na kidogo.

Ya kwangu ninayoitumia sasa ni hii:

"Naitwa Fulani, bwana shamba wa watu wenye mashamba mbali na wanapoishi. Msimamizi akikuambia mahindi yameota vizuri, mimi naenda kuyahesabu. Shamba moja la ekari nne huko Dakawa, kamba hii ilionyesha mashina elfu kumi na moja kwa ekari badala ya elfu kumi na nane. Tukarekebisha upandaji na mbolea. Msimu uliofuata, gunia nane kwa ekari zikawa kumi na tano. Kama nawe una shamba la mbali, niambie liko wapi."

Wakishakuambia liko wapi, nyamaza usikilize. Mauzo yanaanzia hapo.

MASWALI

Kijana wa Ifakara: Mkuu somo zuri. Naomba uniandikie na ya kwangu, nahusika na kilimo kwa ujumla.

Mwandishi: "Kwa ujumla" haina sekunde 30. Rudi na zao moja na shamba moja.

Kijana wa Ifakara: Mbona mkali? Sina mteja hata mmoja bado.

Mwandishi: Hilo ungeanza nalo. Ulifanya mafunzo kwa vitendo? Baba ana shamba? Tumia hilo, na useme wazi ni la baba. Uongo kuhusu mteja utakamatwa kwa swali la pili.

Binti Ugani: Kaka, mimi nikisema "bibi shamba" wanacheka, wanajua nimetumwa na halmashauri kuhimiza kitu.

Mwandishi: Dada, wakicheka wamekusikia. Ila la halmashauri lina ukweli, hata mimi huulizwa. Ongeza neno "binafsi", au taja unachofanya: "Mimi napima udongo kabla hujanunua mbolea." Hiyo haihitaji cheo.

Mtu wa Nakuru: Huku kwetu gunia ni kilo 90. Nikitaja magunia mbele ya watu wa kwenu?

Mwandishi: Swali zuri, ningelipenda kulikumbuka mwenyewe. Huku gunia tunalihesabu kilo 100, na likijazwa lumbesa linazidi. Zangu 15 kwako zinakaribia 17. Kukiwa na wageni, taja kilo: 800 zikawa 1,500.

Mpima Mvua: Kutoka nane hadi kumi na tano. Unajuaje si mvua tu?

Mwandishi: Mvua ilisaidia, sikatai. Jirani tunayepakana naye, ambaye hakubadilisha chochote, alitoka nane hadi kumi. Kwa hiyo ninachojidai nacho ni zile tano, na nikiulizwa nasema hivyohivyo. Mzee wa benki aliyeniuliza swali lako ndiye mteja wangu hadi leo.

Mpima Mvua: Basi kwa nini usiliseme la jirani tangu mwanzo?

Mwandishi: Sekunde hazitoshi. Lakini umenifikirisha. Nikiiondoa ile sentensi ya msimamizi linaingia, ila hiyo ndiyo inayowachekesha.

Jembe Halimtupi: Bei utaje au usitaje?

Mwandishi: Soma hatua ya 4.

Jembe Halimtupi: Pale umesema gharama za shamba, mimi nauliza ada yako wewe.

Mwandishi: Kweli, samahani. Ada nayo usiitaje jukwaani, maana ya Kibaha na ya Kilosa hazifanani kwa nauli tu. Akishakutajia eneo, mpe bei ya ziara ya kwanza palepale. Ukisema "tutaongea", hatapokea simu.

Mama Kiwanja: Mimi si mtaalamu, nina ekari mbili Mkuranga. Kamba yenu inafaa mistari ya sentimita 90?

Mwandishi: Karibu sana mama. Gawa 4.05 kwa nafasi ya mistari kwa mita. Ya 90 inatoka mita 4.5, ya 60 inatoka 6.75. Tupa kamba sehemu tano au zaidi ukitembea shamba zima, wala usichague panapopendeza.

Mama Kiwanja: Nimempigia kijana wangu apime. Kaleta 12, 9, 14, 7, 11.

Mwandishi: Wastani 10.6, yaani kama mashina 10,600 kwa ekari. Pale penye 7 mwambie afukue mashimo yaliyo matupu. Akikuta mbegu imeoza, uliza ilifukiwa kina gani na mlinunua wapi. Asipokuta kitu, ni panya, ndege, au aliyepanda aliruka. Usimfokee kabla hajafukua.