Kuhakiki nafsi katika vigezo na masharti ya tovuti

Unapohakiki vigezo na masharti, usitafute maneno “wewe” na “sisi” pekee, kwa kuwa nafsi nyingi zimo ndani ya vitenzi. Sentensi kama “Mtumiaji akighairi oda ndani ya saa 24, tutakurejeshea fedha” huanza na nafsi ya tatu na kumalizia kwa “wewe”, hata isijulikane kama anayerejeshewa ni aliyeghairi au mwenye akaunti iliyolipa. Ikiwa kifungu cha tafsiri ya maneno kimeeleza “wewe” na “sisi” ni nani, andika “Ukighairi oda ndani ya saa 24, tutakurejeshea fedha.” Usibadilishe “kampuni” zote kuwa “sisi” kwa mkupuo, maana “kampuni ya simu” inayopitisha malipo si “sisi”.