Bomu likitegwa, andika sekunde

Jumamosi nilikuwa naandika fainali ya mchezo wa kompyuta wa Kaunta Straiki 2 moja kwa moja kwa kikundi chetu cha Kisumu, nusu yao hawajawahi kuucheza. Nilichojifunza: bomu likitegwa tu, washa saa ya simu na uandike hesabu, si kelele. Saa ya raundi hutoweka kwenye skrini ya mchezaji, inabaki alama ya bomu, kwa hiyo mgeni hajui haraka ni ya nini. Bomu hulipuka baada ya sekunde 40. Kulitegua huchukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye kifaa cha kutegulia.

Raundi zilikuwa 12-11, na wa kwanza kufika 13 anabeba kombe. Niliandika: "Bomu limetegwa! Sekunde 40. Walinzi wawili, mshambuliaji mmoja." Mshambuliaji akauawa, watu wakaanza kushangilia. Nikaongeza haraka: "Bado! Washambuliaji wote wamekufa lakini bomu linahesabu. Zimebaki 8: asiye na kifaa amechelewa, mwenye nacho anawahi." Hapo maelezo yenyewe ndiyo yaliyowapandisha presha, na wajuzi hawakuhisi wanafundishwa.

Mbinu hii haifai wakiuana watatu ndani ya sekunde tano. Hapo andika nani kabaki tu, maelezo yangoje mapumziko kabla ya raundi inayofuata. Na kama matangazo unayotazama yanachelewa kuliko ya wasomaji wako, usitaje sekunde kabisa. Utawaambia zimebaki 8 wakati wao wameshaona mlipuko.