Jinsi ya Kuchagua Sabuni na Losheni ya Mtoto Mchanga kwa Kusoma Nyuma ya Chupa

Mwezi wa tano wifi yangu alinipigia simu kutoka Temeke. Mtoto wake wa miezi minne alikuwa ametoka vipele vidogo vyekundu mashavuni, shingoni, mikononi na miguuni, ngozi ilikuwa imekauka hadi inakwaruza ukiipapasa, na usiku alikuwa akisugua mashavu kwenye shuka badala ya kulala. "Wifi, sabuni nimeshabadilisha mara tatu," aliniambia, "sasa sijui nimwogeshe na nini." Nimeuza dawa dukani kwa miaka tisa, kwa hiyo nilidhani ni jambo la kumaliza siku moja. Lilituchukua karibu wiki tano, kwa sababu wote wawili tuliikazia macho sabuni wakati kilichomsumbua mtoto kilikuwa ndani ya losheni.

Hatua ya 1: Tenganisha kinachosuuzwa na kinachobaki mwilini

Sabuni hukaa kwenye ngozi dakika moja au mbili kisha huondoka na maji. Losheni hukaa hapo mpaka mtoto atakapoogeshwa tena, na kwa watoto wengi hupakwa mara mbili kwa siku. Ukiwa na muda wa kuchunguza chupa moja tu, ichunguze ya losheni.

Hatua ya 2: Sabuni

Ngozi ya mtoto huzaliwa ikiwa haina uchachu, kisha katika wiki za mwanzo hujenga utando wenye uchachu kidogo, wenye pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 5 hadi 5.5 hivi, ambao huizuia isikauke na huwazuia vijidudu wasistawi. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10, yaani kinyume cha uchachu, nayo huuvuruga utando huo, hata kama karatasi yake imechorwa mtoto anayecheka. Utaitambua kwa majina haya mwanzoni mwa orodha ya viambato: `Sodium Palmate`, `Sodium Tallowate`, `Sodium Palm Kernelate`. Ninayoipendelea mimi ni sabuni ya maji isiyo na harufu, ambayo karibu na mwanzo wa orodha imeandikwa `Coco-Glucoside` au `Decyl Glucoside`. Ukikuta `Sodium Lauryl Sulfate`, iache, kwa maana hiyo hutoa povu zuri lakini huchokoza ngozi na kuinyang'anya mafuta yake.

Kama sabuni ya maji ya aina hiyo ni ghali kwako, kipande kisicho na harufu kinaweza kutumika ikiwa utakitumia kidogo. Katika joto la Dar es Salaam tunaogesha watoto kila siku, na hakuna ubaya, lakini sabuni haihitajiki kila siku wala mwili mzima. Ipake kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, kwenye mapaja na makalio, kisha suuza vizuri. Sehemu nyingine maji ya uvuguvugu yanazitosha.

Jambo moja ninalipinga bila kusita, nalo ni kutia dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni la mtoto. Dawa hizo, zenye `Chloroxylenol`, zimetengenezwa kwa matumizi mengine, na mtoto mwenye afya hana vijidudu vya kuuawa kwa namna hiyo. Nimeona watoto waliobabuka mapajani kwa sababu kifuniko kimoja kiligeuka viwili.

Hatua ya 3: Tafuta manukato, na uyatafute kwa majina yake yote

Hapa ndipo tulipopotea. Losheni ya kwanza ya wifi ilikuwa ya waridi, yenye maneno mbele yaliyosema kwamba ni laini na imepimwa na madaktari wa ngozi. Maneno ya namna hiyo hayamlazimishi mtengenezaji kutoa kitu chochote kwenye losheni yake. Hata neno `hypoallergenic`, ambalo wazazi wengi huliamini kuwa ni ahadi ya kutoleta mzio, kule Marekani halina tafsiri yoyote ya kisheria. Nyuma ya chupa kuliandikwa hivi:

```
Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Cetearyl Alcohol,
Ceteareth-20, Dimethicone, Phenoxyethanol, Parfum,
Linalool, Limonene, CI 16035
```

Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kuanzia kilicho kingi zaidi, mpaka kufikia vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Hapa kuna maji, mafuta ya madini na gliserini, ambavyo havina tatizo. `Cetearyl Alcohol` huwatisha wazazi kwa sababu ya jina lake, lakini ni kitu kizito kama nta kinachoilainisha ngozi. Kileo kinachokausha ni `Alcohol Denat.`, na hiyo kweli iepuke. Mwishoni ndiko kulikokuwa na shida: `CI 16035` ni rangi tu, isiyomsaidia mtoto kwa lolote, na `Parfum` ni manukato. Neno hilo moja linaweza kuficha kemikali kadhaa za harufu, na mahali pengine huandikwa `Fragrance` au `Aroma`. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi kutokana na vipodozi.

Nilimwambia aiache, anunue isiyo na `Parfum`. Akatii, akarudi na losheni ya bei kubwa zaidi iliyoandikwa kwamba ni ya asili na imetokana na mimea. Nilisoma orodha harakaharaka kwenye picha aliyonitumia kwa simu, nikalitafuta neno `Parfum`, sikuliona, nikamwambia aendelee. Wiki mbili zikapita na mtoto hakupata nafuu. Tulianza kuilaumu tena sabuni, kisha maji ya kisima, kisha unga wa kufulia nguo zake, na mama mkwe akahisi ni maziwa ya mama.

Siku niliyokwenda kumwona mwenyewe nilimvua mtoto nepi nikaona kitu ambacho picha haikuonyesha. Vipele vilikoma kama vimekatwa kwa rula pale nepi ilipoanzia. Tumbo la chini na makalio vilikuwa laini kabisa. Sabuni hupita kote, lakini losheni wifi alikuwa haipaki ndani ya nepi. Alama hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa pumu ya ngozi nayo mara nyingi huacha sehemu ya nepi ikiwa salama, lakini ilitosha kunirudisha kwenye chupa. Nilisoma neno kwa neno na nikakuta `Lavandula Angustifolia Oil` na, mbele yake kidogo, `Citrus Aurantium Dulcis Peel Oil`. Ni mafuta ya mrujuani na ya maganda ya machungwa, yaani manukato yaleyale yaliyopewa majina ya mimea. Ndani yake mna `Linalool` na `Limonene`, zilezile tulizozikimbia kwenye chupa ya waridi. Kemikali hizi zikikutana na hewa hubadilika na kuwa rahisi zaidi kuleta mzio, ndiyo maana chupa iliyokaa wazi muda mrefu inaweza kusumbua kuliko ilipokuwa mpya.

Kwa hiyo usitafute neno moja. Tafuta `Parfum`, `Fragrance` na `Aroma`. Kisha majina yanayoishia na `Oil` ya mmea wenye harufu kama mrujuani, chungwa, limau, waridi au mnanaa. Kisha `Linalool`, `Limonene`, `Geraniol`, `Citronellol`. Na uwe mwangalifu na maneno mawili ya mbele yanayofanana. `Fragrance free` humaanisha kwamba manukato hayakutiwa, wakati `unscented` inaweza kumaanisha kwamba yametiwa manukato ya kufunika harufu ya viambato vingine. Pua haikusaidii hapa. Orodha inakusaidia.

Hatua ya 4: Vihifadhi

Losheni yenye maji lazima iwe na kihifadhi, la sivyo itaota ukungu, kwa hiyo usidanganyike na losheni ya maji inayojisifu kuwa haina kihifadhi chochote. Kilicho muhimu ni kipi. Kiepuke `Methylisothiazolinone` na ndugu yake `Methylchloroisothiazolinone`. Cha kwanza kilileta mizio mingi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini kuanzia 2017. Chupa zenye vitu hivyo bado zinaweza kukutwa kwenye rafu zetu, hasa vitambaa vyenye maji vya kupangusia makalio, ambavyo wazazi hawavihesabu kama losheni ingawa havisuuzwi.

Kuhusu parabeni, ambazo nazo ni vihifadhi, hofu iliyopo ni kubwa kuliko inavyostahili. `Methylparaben` mara chache huleta mzio. `Propylparaben` na `Butylparaben` ndizo Ulaya ilizozizuia kwenye vipodozi vinavyobaki sehemu ya nepi kwa watoto chini ya miaka mitatu, nami ningeziacha kwa sababu hiyo.

Krimu inayopimwa kwenye kopo bila lebo usimpake mtoto hata kidogo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, na kama wewe mwenyewe unazitumia, mtoto huzipata kutoka mikononi na kifuani mwako.

Hatua ya 5: Chagua kitu kifupi

Nilichompa wifi ni mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yenye neno moja tu nyuma: `Petrolatum`. Hayana maji, hivyo hayahitaji kihifadhi. Angalia usichukue kopo la waridi au la bluu lililowekwa kwenye rafu ya watoto, kwani mara nyingi hilo ndilo lenye manukato, na lile la watu wazima lisilo na rangi ndilo salama zaidi.

Udhaifu wake ni joto. Ukiyapaka kwa wingi shingoni na kwapani mwezi wa Februari, mtoto atatoka harara. Paka safu nyembamba, ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kufutwa, na uiache mikunjo. Mafuta ya nazi yaliyo safi nayo yanafaa kwa watoto wengi, mradi hayajaanza kunuka uchachu. Mafuta ya zeituni siyashauri, ingawa bibi zetu wengi huyapenda, kwa sababu yana asidi ya oleiki nyingi, ambayo hulegeza utando wa ngozi, na ngozi kavu huzidi kukauka.

Hatua ya 6: Acha vyote, kisha rudisha kimoja kimoja

Kwa siku 14 tulimwogesha kwa maji tu, sabuni kidogo kwenye mikunjo, na mafuta ya mgando. Siku ya nne alilala. Siku ya kumi na moja mashavu yalikuwa bado makavu lakini si mekundu. Kitu kipya kijaribu mahali padogo, ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10, kabla ya kukipaka mwili mzima. Siku moja haitoshi, kwa kuwa mzio wa ngozi huweza kuchelewa siku mbili tatu au zaidi. Usijaribu vitu viwili kwa pamoja.

Ukiona usaha, magamba ya rangi ya asali, malengelenge au homa, au kama wiki mbili zimepita bila nafuu yoyote, mpeleke hospitali, na uende na chupa zote ulizotumia, hata zile zilizokwisha.